Mali Nyepesi na Mali Nzito

Watu wa Butembo na Beni ni watu wa biashara, nao hupenda kuhesabu mali. Mmoja ana kiwanja pembeni mwa mji. Mwingine ana kitabu cha akiba. Mwingine ana mbuzi nyuma ya nyumba. Wakibishana nani amempita mwenzake kwa utajiri, huuliza neno moja tu: Mali yake ni ya dola ngapi? Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Kuna swali la pili, ambalo wengi hulisahau mpaka siku ya shida: Mali hiyo itageuka feza kwa muda gani?

Feza iliyo mkononi hununua chumvi papo hapo. Kiwanja hakinunui chumvi. Huwezi kumega pembe ya kiwanja ukaipeleka butiki. Kwanza lazima umpate mtu anayekitaka, naye awe na feza, tena mpatane bei. Basi, mali inayogeuka feza upesi bila kupoteza sehemu kubwa ya bei yake, tutaiita mali nyepesi. Mali inayokawia, au inayogeuka upesi kwa hasara tu, tutaiita mali nzito. Watu wa benki wana neno lao kwa wepesi huo. Wao huuita ukwasi.

Angalia vizuri: tumetaja mambo mawili, muda na hasara. Wengi hutaja muda peke yake, na hapo hukosea. Kila kitu chaweza kuuzwa upesi ukikubali kuitupa bei. Nyumba ya matofali, ukisimama barabarani na kuiuza kwa bei ya baiskeli, itanunuliwa kabla ya jua kuzama. Je, nyumba hiyo ni mali nyepesi? Hapana. Ni mali nzito iliyotupwa. Kwa hiyo yafaa kuuliza hivi: Nikitaka bei ya haki, nitangoja siku ngapi? Na nikitaka feza leo, nitaacha kiasi gani?

Sasa tutazame mfano. Habari hii ni ya kutungwa, na bei zake ni za mfano tu, lakini mambo ya namna hii hutokea kila mwaka.

Katika mji wa Butembo alikaa mama mmoja mjane, muuza maharagwe. Alikuwa na mali tatu. Ya kwanza ilikuwa kiwanja alichoachiwa na mumewe, ambacho bei yake ya haki ilikuwa dola 1,200. Ya pili ilikuwa akiba ya dola 150 katika chama cha akiba na mikopo, ambacho watu wa kwetu hukiita kopeki. Ya tatu ilikuwa mbuzi jike mmoja, mwenye bei ya dola 60. Jumlisha: mali yote ni dola 1,410. Majirani walimwita mama mwenye mali, wala hawakusema uongo.

Usiku wa Jumanne mtoto wake alishikwa na maumivu makali ya tumbo, upande wa kuume, chini. Asubuhi waganga wa hospitali walimpima, wakasema kidoletumbo kimevimba, lazima kikatwe siku ile ile. Walimpasua, mtoto akapona. Lakini karani wa hospitali alimwambia mama, “Mama, gharama ni dola 150. Siku ya Ijumaa mtoto ataweza kwenda nyumbani, ukiisha kulipa.” Katika hospitali nyingi za nchi yetu mgonjwa haruhusiwi kutoka kabla ya kulipa.

Mwenye dola 1,410 atashindwaje kulipa 150? Tumfuate mama huyu tuone.

Alhamisi asubuhi alikwenda kopeki na kitabu chake. Akiba ndiyo mali iliyo nyepesi kuliko zile nyingine mbili, kwa sababu haihitaji mnunuzi. Hakuna anayeuliza kama dola zako zimenona au zimekonda. Unaweka sahihi, karani anahesabu, unaondoka. Tena akiba inagawanyika: ukitaka dola 7, unachukua 7, nyingine zinabaki. Lakini karani alipofungua daftari alisema, “Mama, katika hizi 150, dola 50 zimefungwa.”

Mama alikuwa amesahau. Miezi minne nyuma, jirani yake aliomba mkopo, naye akakubali kuwa mdhamini. Kopeki huwa inafunga sehemu ya akiba ya mdhamini mpaka mkopo umalizike. Akiba ile ni yake bado, nayo imeandikwa katika kitabu chake, lakini hawezi kuitoa. Zaidi ya hayo, sheria ya kopeki ile ilitaka dola 5 zibaki daima kitabuni ili mtu aendelee kuwa mwanachama. Hesabu ikawa hivi: 150, toa 50, toa 5, zinabaki 95. Basi mtu akitaka kujua wepesi wa akiba yake, asisome jumla tu. Aulize, “Leo naweza kutoa ngapi?”

Zilikosekana dola 55. Mama alikwenda nyumbani akamfungua mbuzi.

Mbuzi ni mali ya katikati. Si nyepesi kama akiba, si nzito kama kiwanja. Ana miguu yake mwenyewe, tena wanunuzi wake ni wengi: wachinjaji, wenye mikahawa, watu wenye karamu ya arusi, watu wanaotaka mbuzi wa kufuga. Lakini mbuzi ana jambo moja gumu: hagawanyiki. Ukihitaji dola 10 huwezi kuuza mguu mmoja, ukamwacha aendelee kula majani kwa mitatu. Utamwuza wote, au hutamwuza kabisa.

Siku ile haikuwa siku ya soko la mbuzi. Mama alimpeleka kwa mchinjaji. Huyo hakununua kwa macho tu. Alimshika mgongoni, akabonyeza juu ya uti kujua kama kuna mafuta. Alimfungua midomo akatazama meno ya mbele ya chini. Mwana-mbuzi ana meno manane madogo ya utoto. Akikaribia mwaka mmoja na nusu huwa amekwisha kuota mawili makubwa katikati, kisha manne, kisha sita, na karibu na mwaka wa nne yote manane ni makubwa. Ndiyo maana muuzaji hawezi kumdanganya mnunuzi juu ya umri wa mbuzi. Jambo hili pia huleta wepesi: kitu ambacho kila mtu aweza kukipima upesi kwa mkono na kwa jicho, huuzwa upesi.

Mchinjaji alisema, “Mama, nitakupa dola 45.”

“Baba, mbuzi huyu ni wa 60.”

“Siku ya soko, ndiyo. Lakini leo umekuja peke yako, nami naona una haraka.”

Mchinjaji hakuwa mwizi. Alisema kweli. Siku ya soko wanunuzi ni wengi. Mmoja akitoa 45, mwingine husema 50, wa tatu 55, na bei hupanda mpaka inapostahili. Siku nyingine mnunuzi ni mmoja, naye hana wa kushindana naye. Zile dola 15 zilizopungua ndizo bei ya haraka.

Mama alikuwa na akili ya biashara, hakukubali mara moja. Alirudi hospitalini akamwuliza karani, “Mtoto akilala usiku mmoja zaidi, mpaka Jumamosi, nitaongeza ngapi?” Karani akajibu, “Dola 4.” Mama akafanya hesabu kichwani. Kuuza leo ni kupoteza 15. Kungoja Jumamosi, siku ya soko, ni kupoteza 4, na ushuru wa soko dola 1. Jumla 5. Basi aliamua kungoja. Jumamosi mbuzi aliuzwa dola 60, mama akatoa ushuru, zikabaki 59. Akaziweka pamoja na zile 95, zikawa 154. Alilipa 150 na zile 4 za usiku, akatoka na mtoto, wala hakubakiwa na franka moja mfukoni.

Alifanya vizuri, lakini alikuwa na bahati pia. Kama ingekuwa siku za kwanza za Septemba, hesabu yake ingeharibika. Mwezi huo shule zinafunguliwa, na wazazi wengi wanaleta mbuzi sokoni kwa siku moja ili wapate feza za shule. Wauzaji wakizidi wanunuzi, bei inashuka hata siku ya soko. Karibu na Noeli na Mwaka Mpya ni kinyume: kila nyumba inatafuta nyama, na mbuzi anapata bei nzuri. Tena mbuzi huweza kufa. Sotoka ya mbuzi ikiingia kijijini, mbuzi wanatoka kamasi, wanahara, na wengi wanakufa kwa siku chache. Wakati huo hata mbuzi mzima hana mnunuzi, kwa sababu kila mtu anaogopa kuipeleka ndui au sotoka ya mwingine katika zizi lake.

Sasa, vipi juu ya kiwanja? Mama hakujaribu hata kukiuza. Tutazame kwa nini.

Katika Kongo, sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali. Mtu hauzi udongo wenyewe. Anauza haki yake ya kuutumia. Haki hiyo huandikwa katika hati ambayo mwandishi wa hati za ardhi wa Serikali huiweka katika daftari lake. Nje ya miji, mashamba mengi hayana hati hiyo. Yanashikwa kwa desturi, chini ya mashefu wa ardhi, na watu huyajua kwa mipaka ya miti, mito na kumbukumbu za wazee.

Basi fikiri mnunuzi amekuja kwa yule mama, naye ni mtu mwangalifu. Hatatoa dola 1,200 kwa kutazama majani tu. Kwanza atazunguka mipaka pamoja na majirani, na kuwauliza kama wanaikubali. Pili ataomba hati, kisha atakwenda ofisi ya ardhi kutazama kama hati ile inalingana na daftari. Tatu ataulizia ukoo: Marehemu mume aliacha ndugu? Watoto wakubwa wamekubali? Ndugu mmoja akisema hapana, mambo yanasimama. Halafu mpimaji atakuja kupima, watu wataweka sahihi mbele ya mashahidi, na mwandishi wa hati atafuta jina la zamani na kuandika jipya. Kila hatua ina siku zake na malipo yake. Mambo yakienda vizuri, ni wiki kadhaa. Yakienda vibaya, ni miaka.

Mbuzi anapimwa kwa kubonyezwa mgongo. Kiwanja hakipimwi hivyo. Ubaya wake haumo katika udongo, umo katika habari zake, na habari hufichwa. Kuna watu waliouziwa kiwanja kimoja mara mbili au tatu, kila mmoja akipewa karatasi. Mnunuzi mwenye macho huogopa dalili hizi: bei iliyo chini mno, muuzaji anayetaka feza leo leo, vigingi vipya ambavyo majirani hawavijui, na shefu asiyeitwa. Tazama jambo la ajabu hapa. Muuzaji wa kweli mwenye shida, kama mama yetu, huonekana sawa na mwongo, kwa sababu wote wawili wana haraka na wote wawili wanapunguza bei. Kwa hiyo angetaka feza kwa siku tatu, pengine asingepewa hata dola 500 kwa kiwanja cha 1,200. Mali yake iliyo kubwa kuliko zote ndiyo haikumsaidia kitu wiki ile.

Ilikuwepo njia moja ya katikati: kuweka shamba rehani. Mtu hukupa feza, nawe humwachia shamba alime na kuvuna mpaka umrudishie. Njia hii ni ya upesi kuliko kuuza, lakini ina hatari. Kama hakuna maandiko na mashahidi, mwenye feza akilima miaka mitano huanza kusema kwamba alinunua.

Mpaka hapa mtu aweza kufikiri kwamba wepesi ni tabia ya kitu chenyewe, kama rangi yake: akiba ni nyepesi daima, ardhi ni nzito daima. Sivyo. Wepesi unatoka kwa watu wengine walio tayari kupokea kitu chako na kukupa feza. Wakiondoka, kitu kile kile kinageuka kizito.

Watu wa Beni wanalijua jambo hili kwa uchungu. Tangu Oktoba 2014 watu wengi sana waliuawa katika vijiji na mashamba ya upande ule, na wengine walikimbilia mijini. Shamba la kakao lililo umbali wa saa mbili kwa miguu lina udongo ule ule na miti ile ile. Lakini kama mwenyewe haogopi kufa tu ndiyo afike huko, nani atalinunua? Wakati huo huo viwanja vya mjini, palipo na watu waliokimbia, vinatafutwa. Ardhi ni ardhi pote pawili, lakini wepesi wake si mmoja.

Hata akiba huweza kugeuka nzito. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na benki za mji ule zikafunga milango. Mtu aliyekuwa na dola 500 kitabuni alikuwa nazo bado, hakuna aliyezifuta. Lakini hakuweza kununua unga nazo. Mwenye mbuzi siku zile alikuwa na mali nyepesi kuliko mwenye akiba.

Kuna ugonjwa mwingine wa akiba, nao hauhusu mlango bali thamani. Babu na bibi zetu waliweka akiba kwa zaire. Bei za vitu zilipanda mno, hata mwaka 1993 Serikali ikatoa zaire mpya, moja kwa kila zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa kila zaire mpya 100,000. Mtu aliyeacha zaire milioni tatu kitabuni angeweza kuzitoa siku yoyote upesi sana, lakini mwishoni zisingenunua hata punje moja ya chumvi. Ilikuwa mali nyepesi iliyoyeyuka. Ndiyo sababu watu wengi wa Butembo hupenda akiba ya dola. Lakini dola nayo ina vikwazo vyake: noti iliyochanika kidogo tu pembeni hukataliwa na karibu kila muuzaji, nawe unabaki na dola 20 ambazo hazinunui kitu mpaka umpate mtu wa kuzichukua kwa 15. Feza yenyewe, ndani ya mkono, imekuwa nzito!

Uzito nao una kazi yake. Yule mama alipoulizwa kwa nini hakuweka mali yote kopeki, wakati akiba ilimsaidia kuliko kiwanja, alicheka. Alisema kwamba katika miaka sita ya ujane wake, shemeji, majirani na wadeni walimwomba feza mara nyingi, na mara nyingi alishindwa kukataa, kama alivyoshindwa kumkataa yule jirani wa mkopo. Hakuna hata mmoja aliyemwomba kipande cha kiwanja. Wiki iliyofuata alikwenda kopeki kumwuliza karani ule mkopo wa jirani umebaki miezi mingapi, na karani akamjibu, miwili.